Kampuni Itavuka Mwaka? Waulize Wanaoidai

Kampuni ndogo inaweza kupata hasara miaka mitatu mfululizo na bado ikafungua milango kila asubuhi, mradi kila deni linalipwa siku linapoiva. Nyingine inatangaza faida Desemba na kufikia Juni imefungwa. Faida yake ilikuwa kwenye ankara za wateja ambao hawajalipa, wakati mishahara, pango na malighafi vilidai fedha mkononi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kampuni inayoyumba itakuwepo baada ya miezi 12 hawezi kutosheka na ukurasa wa faida na hasara. Anahitaji karatasi mbili: makisio ya fedha zitakazoingia na kutoka, na orodha ya wanaoidai kampuni iliyopangwa kwa umri wa kila deni. Karatasi ya kwanza inaeleza viongozi wanavyotarajia. Ya pili inaonyesha kama matarajio hayo yanawezekana.

Swali hili huulizwa kila mwaka, hata kwa kampuni iliyo salama, kwa sababu hesabu zote za mwisho wa mwaka zimejengwa juu ya jibu lake. Chukua mashine ya kuchapia iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 120 ambayo sasa imeandikwa vitabuni milioni 70. Thamani hiyo ina maana ikiwa mashine itaendelea kuchapa kwa miaka iliyobaki. Kampuni ikifungwa mwezi ujao, mashine ileile itakwenda kwa dalali na pengine itaondoka kwa milioni 25. Wafanyakazi watadai malipo ya kuachishwa kazi, na mkopo uliopangwa kulipwa kwa miaka mitatu utadaiwa wote kwa mara moja. Hesabu zinazosema kampuni ina mali kuliko madeni zinaweza kugeuka kabisa bila hata shilingi moja kuibwa.

Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, inavitumia hapa Tanzania, vinawataka viongozi wa kampuni wenyewe wafanye tathmini hii. Wanatakiwa kutazama mbele angalau miezi 12 tangu tarehe ya kufunga hesabu. Mkaguzi anakuja baada yao, akiongozwa na kiwango kiitwacho ISA 570, kupima kama tathmini yao inashikika. Kwenye kampuni nyingi ndogo, tathmini ya viongozi ni sentensi moja tu iliyonakiliwa kutoka hesabu za mwaka uliopita, na mkaguzi ndiye wa kwanza kuomba makisio.

Tuchukue kampuni ya mfano ya uchapishaji, hapa Dar es Salaam. Nimeitunga, lakini hakuna kilichomo ambacho kitamshangaza mtu aliyewahi kukagua hesabu za biashara za aina hii. Ina wafanyakazi 14. Inachapa daftari, kalenda, vitabu vya risiti na kazi za taasisi za umma. Mwaka 2024 iliuza milioni 620 pamoja na VAT, ikapata hasara ya milioni 48. Benki imeipa ovadrafti ya milioni 30, na kufikia tarehe 31 Machi 2025 imeshatumia 24, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni milioni 6. Mkataba wa ovadrafti unakwisha tarehe 30 Juni.

Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kampuni, analeta makisio yake. Aprili zitaingia milioni 58 na kutoka 54. Mei zitaingia 61, Juni 64, na matumizi yatapanda kidogo tu. Kwa hesabu hiyo kampuni inafika mwisho wa Juni ikiwa na nafasi nzuri benki, na kila mwezi unaofuata ni bora kuliko uliopita. Karatasi ni safi na jumla zote zinakubaliana.

Pa kuanzia ni fedha zinazoingia, na kuzipima hakuhitaji utaalamu mkubwa. Fungua taarifa za benki za miezi sita iliyopita, toa fedha za mikopo na zile alizoweka mkurugenzi mwenyewe, kisha jumlisha kilichotoka kwa wateja. Kwa kampuni yetu, kuanzia Oktoba hadi Machi, wastani ni milioni 47 kwa mwezi. Hakuna mwezi hata mmoja uliofika 58. Mkurugenzi alichukua mauzo anayotarajia akaamini wateja watalipa ndani ya siku 30 kama ankara inavyosema. Wateja wanadaiwa milioni 118, na ukigawa deni hilo kwa mauzo ya mwaka na kuzidisha kwa siku 365 unapata karibu siku 70. Hivyo ndivyo wanavyolipa kweli. Tena, ndani ya hizo 118, milioni 41 ni za taasisi moja ya umma ambayo haijalipa tangu Septemba.

Kipimo kingine kizuri ni kuomba makisio ya mwaka uliopita. Kama mwaka jana mkurugenzi alikisia milioni 60 kwa mwezi na zikaja 48, basi makisio ya mwaka huu yanasomwa na kumbukumbu hiyo mkononi. Na kama mwaka jana hakukuwa na makisio yoyote, hilo nalo ni jibu kuhusu namna fedha zinavyosimamiwa.

Sasa twende upande wa madeni, maana hapa ndipo ukweli unapojificha zaidi. Matumizi ya milioni 54 kwa mwezi yanaonekana kamili: karatasi na wino, mishahara, kodi, umeme, riba ya benki. Lakini ukiyasoma mstari kwa mstari unaona yanalipa mambo ya mwezi huo tu. Hakuna mstari wa malimbikizo. Mkurugenzi amekisia kana kwamba kila aliyekuwa akisubiri ataendelea kusubiri, bila kikomo na bila kudai chochote.

Orodha ya wadai kwa umri inasema mengine. Jumla ni milioni 143. Ndani yake, milioni 38 hazijafikisha siku 30, kwa hiyo ni za kawaida. Milioni 49 ziko kati ya siku 31 na 90. Na milioni 56 zimepita siku 90. Kwa maneno mengine, karibu robo tatu ya deni la biashara liko nje ya muda, na sehemu iliyozeeka zaidi ndiyo kubwa kuliko zote. Kampuni yenye shida ya wiki mbili tatu huwa na deni jingi kwenye safu ya kwanza na ya pili. Deni likishalundikana kwenye safu ya mwisho, shida imekuwepo kwa muda mrefu na imekuwa ikifadhiliwa na watu ambao hawakukubali kuifadhili.

Kabla ya kuiamini orodha yenyewe, inafaa kuijaribu. Waombe wasambazaji wakubwa taarifa ya hesabu wanayoitunza wao, uilinganishe na vitabu vya kampuni. Mara nyingi utakuta ankara ambazo hazijaandikwa kabisa, zimekaa kwenye droo zikisubiri fedha zipatikane ndipo ziingizwe. Angalia pia hundi. Kuna mhasibu anayeandika hundi tarehe 31 Desemba, akapunguza deni vitabuni, kisha akaifungia hundi kabatini kwa sababu akaunti haina kitu. Taarifa ya benki ya Januari na Februari itamfichua: hundi haijalipwa, na mpokeaji hajawahi kuiona.

Dalili ninayoiamini kuliko nyingine ni namna malipo yanavyofanyika. Kampuni yenye afya hulipa ankara kwa kiasi chake halisi, mfano shilingi 3,847,200. Kampuni inayosongwa hulipa milioni 2, kisha milioni moja na nusu, kisha laki tano, kupunguza makali tu. Ukiona msambazaji mmoja amepokea namba za mviringo mara nne ndani ya miezi miwili, na deni lake halipungui, ujue kuna mtu anapigiwa simu kila siku na kumtuliza anayepiga.

Baada ya kuhakikisha orodha imekamilika, kila mdai wa zamani anaulizwa swali moja: akichoka kusubiri leo, anaweza kufanya nini? Umri wa deni peke yake hautoshi, kwa sababu wadai hawana nguvu sawa. Zile milioni 56 zimegawanyika kwa watu wanne.

Wa kwanza ni msambazaji wa karatasi, anayedai milioni 21. Amekuwa akitoa mzigo kwa mali kauli kwa miaka mingi. Machi aliacha, na sasa anataka fedha kabla lori halijatoka stoo. Uzito wa jambo hili haueleweki mara moja, kwa hiyo tulifuate polepole. Kampuni hununua karatasi za milioni 20 kwa mwezi. Chini ya mali kauli, Aprili ilikuwa inalipia karatasi za Machi. Mali kauli ikikatwa, Aprili inalipia karatasi za Machi na za Aprili pamoja. Bei haijapanda na matumizi hayajaongezeka, lakini mwezi huo mmoja unahitaji milioni 20 za ziada, na zile 21 za zamani bado hazijaguswa. Ndivyo kupotea kwa mkopo wa msambazaji kunavyoua kampuni iliyokuwa ikisogea. Majirani zetu Kenya waliliona hili hadharani mwaka 2017 kwenye maduka ya Nakumatt: wasambazaji ambao hawakulipwa waliacha kupeleka bidhaa, rafu zikabaki tupu, wateja wakahamia kwingine. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe.

Wa pili ni TRA, milioni 19 za VAT na kodi ya mishahara. Fedha hizi kampuni ilizikusanya kwa wateja na kuzikata kwa wafanyakazi, ikazitumia kununulia karatasi. Deni hili huonekana kimya kwa sababu hakuna msambazaji anayekuja getini, lakini riba inaongezeka kila mwezi, na TRA ina uwezo wa kisheria wa kuiagiza benki itoe fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mdaiwa. Agizo hilo likifika Ijumaa ya mishahara, makisio yote yanakufa siku hiyohiyo. Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye orodha: bila hati ya kutodaiwa kodi, kampuni haiwezi kuomba zabuni za umma, na kazi za taasisi za umma ni sehemu kubwa ya mauzo yake. Jema ni kwamba TRA hukubali maombi ya kulipa kwa awamu, na awamu zikishakubaliwa kwa maandishi mkaguzi anaweza kuziweka kwenye makisio kwa tarehe zake.

Wa tatu ni NSSF, milioni 9 za michango, pamoja na tozo la kuchelewa. Wa nne ni mwenye jengo, milioni 7, na nguvu yake ni kufuli mlangoni. Umeme haupo kwenye orodha, maana mita ni ya LUKU na LUKU haikopeshi. Fedha zikiisha, mashine zinasimama papo hapo. Ndiyo maana umeme hulipwa kwanza kila mahali, na wengine wote wanabaki kugombania kilichosalia.

Hapo ndipo mazungumzo na mhasibu wa kampuni yanapohitajika, na huwa mafupi.

“Dada, huyu wa karatasi amekubali kusubiri hizi milioni 21?”

“Hajalalamika tangu mwezi uliopita.”

“Amekuandikia?”

“Hapana. Bosi aliongea naye kwa simu.”

Kutolalamika si makubaliano. Ahadi ya simu inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini haiwezi kubeba hesabu ambazo benki na watu wengine watazitegemea. Kinachotakiwa ni barua au hata ujumbe wa barua pepe unaotaja kiasi na tarehe.

Sasa tuandike upya Aprili. Tunaanza na nafasi ya milioni 6 benki. Zinaingia 47, kama historia inavyosema. Zinatoka 54 za kawaida, 20 za karatasi kwa sababu ya mali kauli iliyokatwa, na 5 za awamu ya kwanza TRA. Jumla ya kutoka ni 79. Mwisho wa Aprili kampuni imevuka kikomo cha ovadrafti kwa milioni 26. Mkurugenzi alikuwa amekisia kwamba siku hiyo atakuwa na nafasi ya milioni 10. Hakudanganya kwenye jumla zake, alikosea tu kudhani kwamba wateja watawahi na wadai watasubiri.

Kwa kampuni iliyofika hapa, makisio ya mwezi hayatoshi. Miezi mitatu ya mwanzo inapangwa wiki kwa wiki, kwa sababu mwezi unaweza kuonekana sawa mwishoni huku katikati una shimo. Kodi ya mishahara inatakiwa ifikapo tarehe 7, VAT ifikapo tarehe 20, karatasi zinalipiwa kabla kazi haijaanza, na wateja wengi hulipa wiki ya mwisho. Kampuni inaweza kukwama tarehe 20 ikisubiri fedha zitakazokuja tarehe 29. Miezi inayobaki inaweza kupangwa kwa mwezi mmoja mmoja, kwa kuwa usahihi wake ni mdogo hata hivyo.

Pengo la milioni 26 bado halimaanishi kampuni imekufa. Viongozi wana haki ya kuleta mipango yao, na mkaguzi ana wajibu wa kuipima mmoja mmoja kwa maswali mawili: je, mpango huu uko ndani ya uwezo wao, na je, kuna ushahidi? Hapa ndipo busara ya mkaguzi inapoonekana, kwa maana mipango yote husikika vizuri mezani.

Mkurugenzi anasema ataingiza milioni 25 zake binafsi kutokana na kiwanja alichouza. Taarifa ya benki inaonyesha zimeingia tarehe 11 Aprili. Ni baada ya kufunga hesabu za Desemba, lakini tathmini hii hutumia kila kinachojulikana hadi siku hesabu zinaposainiwa, kwa hiyo zinahesabiwa zote. Asingekuwa amezileta, barua ya ahadi peke yake isingetosha. Tungehitaji kuona kama kweli anazo. Nimeona barua za ahadi zilizoandikwa kwa heshima kubwa na ndugu ambaye naye alikuwa akidaiwa kila kona.

Msambazaji wa karatasi amekubali kwa barua kurudisha nusu ya mali kauli, yaani milioni 10 kwa mwezi, mradi nusu nyingine ilipwe kabla. Hilo linahesabiwa. Mkurugenzi ameondoa zamu ya usiku kuanzia Mei mosi, na malipo ya saa za ziada yatapungua kwa milioni 4 kwa mwezi. Ni uamuzi ulio mikononi mwake na umeshatekelezwa, kwa hiyo nao unahesabiwa.

Mashine ya pili, Heidelberg ya zamani isiyotumika, ina mnunuzi aliyekuja kuiangalia na kutaja milioni 18. Hajaweka hata shilingi ya arubuni. Haihesabiwi. Taasisi ya umma imekiri kwa barua kwamba inadaiwa milioni 41, lakini haikutaja tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unakwisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo malipo yanaweza kuja kabla ya hapo, na yanaweza pia kuvuka kwenda bajeti inayofuata. Tunaziweka pembeni, tuone mambo yakoje nazo na bila yazo. Benki, kuhusu ovadrafti, imejibu kwamba itaangalia maombi yakifika.

Kwa mipango iliyothibitika tu, Aprili inaisha na nafasi ya milioni 9. Mei zinaingia 47, zinatoka 50 za kawaida, 2 za awamu ya TRA na 7 za mwenye jengo, ambaye ametoa hadi mwisho wa mwezi huo. Kampuni imevuka kikomo kwa milioni 3. Juni inavuka kwa 8, na tarehe 30 ya mwezi huohuo ovadrafti yenyewe inakwisha.

Sasa tuseme taasisi imelipa zote 41 mwezi Juni, benki imehuisha ovadrafti, na wateja wamevumilia milioni 3 za Mei zikapatikana mahali. Juni inaisha na nafasi ya 33. Ni afueni kubwa, na mkurugenzi yeyote angepumua. Lakini kila mwezi bado unatoa 50 na kuingiza 47, na awamu za TRA zinaendelea hadi Novemba, kwa hiyo nafasi hiyo inapungua kwa milioni 5 kila mwezi. Mwisho wa Desemba 2025 imebaki 5. Februari 2026 imekwisha. Na kwenye hesabu hiyo yote hatujaweka hata shilingi moja ya zile milioni 21 za zamani za karatasi, wala milioni 9 za NSSF.

Ukitaka kushikilia kima cha chini cha kiwango, miezi 12 tangu kufunga hesabu inakwisha tarehe 31 Desemba 2025, na kwa habari njema zote kampuni inafika hapo na milioni 5. Kuna watu watakaosimama hapo na kufunga faili. Sikubaliani nao. Kiwango kinasema angalau miezi 12, na mkaguzi anatakiwa kuwauliza viongozi kuhusu mambo wanayoyajua ya baada ya hapo. Pengo linaloonekana wazi mwezi wa 14 ni jambo linalojulikana leo. ISA 570 iliyorekebishwa, itakayotumika kwa hesabu za vipindi vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2026 au baadaye, inaufunga mlango huo kwa kuhesabu miezi 12 tangu siku hesabu zinapoidhinishwa.

Hitimisho, basi, lina majibu matatu yanayowezekana. La kwanza ni kwamba hakuna shaka ya kusema, hilo tumeshalivuka. La mwisho ni kwamba kampuni haina njia halisi zaidi ya kufungwa, na hapo hesabu haziwezi kuandaliwa kana kwamba biashara inaendelea. Kampuni yetu haijafika huko: ina oda, ina wateja wanaolipa hata kama kwa kuchelewa, mwenyewe ameweka fedha zake, na mdai wake mkubwa amekubali kuendelea naye. Iko katikati. Hesabu zake zinaandaliwa kwa misingi ya kuendelea, lakini kuna shaka kubwa, na shaka hiyo lazima iandikwe.

Wakurugenzi wengi huogopa neno hilo kuliko deni lenyewe. Wanadhani mkaguzi atawapa hati mbaya. Ukweli ni kwamba viongozi wakieleza shaka kikamilifu kwenye maelezo ya hesabu, kampuni inaweza kupata hati safi, ikiwa na sehemu maalumu inayomwelekeza msomaji kwenye maelezo hayo. Wakikataa kueleza ndipo hati inapoharibika, na mkaguzi hana hiari katika hilo. Hofu ya kwamba benki itasoma na kufunga ovadrafti ni ya kweli, nami siidharau, kwa sababu ajira za watu 14 ziko hapo. Lakini benki inaona akaunti ikigusa kikomo kila mwezi. Asiyeona ni msambazaji mdogo wa wino anayepeleka mzigo kwa kuamini. Na mkurugenzi anayeendelea kuchukua mali za watu akijua hatazilipa anaweza, chini ya sheria ya makampuni, kujikuta akidaiwa yeye binafsi ikithibitika alikusudia kuwalaghai wadai.

Maelezo yanayofaa hayasemi tu kwamba “viongozi wana imani”. Kwa kampuni hii yangesema: mwaka 2024 ilipata hasara ya milioni 48, tarehe 31 Machi 2025 milioni 105 za wadai zilikuwa nje ya muda, zikiwemo kodi na michango, ovadrafti inakwisha tarehe 30 Juni na benki haijathibitisha kuihuisha, uwezo wa kuendelea unategemea ovadrafti hiyo, malipo ya milioni 41 kutoka kwa mteja mmoja, na makubaliano na wadai wa zamani ambayo bado hayajafikiwa, mwenye kampuni ameingiza milioni 25 na gharama zimepunguzwa. Kisha sentensi inayosema waziwazi kwamba mambo hayo yanaleta shaka kubwa, na kwamba huenda kampuni isiweze kuuza mali zake na kulipa madeni yake katika mwenendo wa kawaida wa biashara.

Msambazaji wa karatasi akiyasoma hayo anajua la kufanya. Anaendelea kupeleka mzigo kwa kiasi, haruhusu deni jipya kuvuka milioni 10 walizokubaliana, na Julai mosi, kabla lori lingine halijapakiwa, anaomba kuona barua ya benki.